Mirungi ya Unga

Yule dereva aliletwa kituoni kwetu saa nne asubuhi, mwezi wa sita, baridi ya Tunduma ikiwa kali kiasi kwamba wauguzi walikuwa wamevaa masweta juu ya sare zao. Alikuwa amelazwa nyuma ya pikapu, mikono imefungwa kwa kamba ya turubai, na madereva wenzake wanne wamemkalia. Hakuwa na shati. Jasho lilikuwa linamtiririka kifuani kana kwamba ametoka kulima Kamsamba mchana wa jua.

Nilitakiwa nilione hilo jasho kwanza. Wote waliokuwa karibu naye walikuwa na majaketi, yeye analoa. Sikuliona. Nilichosikia ni sauti yake.

"Wananisikiliza! Wametega redio kwenye tela! Nimewaona, nimewaona mimi!"

Mwenzake mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, alinifuata mpaka mlangoni kabla hata hawajamshusha. "Dokta," aliniambia kwa sauti ya chini, "huyu alikula mirungi tu. Foleni imetushika siku nne, hajalala. Ni mirungi tu hiyo."

Mimi ni tabibu, si daktari, ila hapa mpakani kila anayevaa koti jeupe ni dokta. Nimefanya kazi hii miaka zaidi ya ishirini, mingi ya hiyo hapa hapa Tunduma, na mirungi naijua tangu kabla sijajua kusoma. Marehemu baba alikuwa dereva. Nyumbani kwetu Isansa alikuwa anafika na kifurushi kimefungwa kwa jani la mgomba, kimenyunyiziwa maji kisinyauke, na mama anaanza kununa kabla hajapokea hata begi. Baba alikuwa akikaa kwenye kiti chake, anachagua vichipukizi vile vyekundu vilaini, anavitafuna kimoja kimoja, anaviweka shavuni. Baada ya saa moja hivi anaanza maneno. Anatusimulia safari zote, anapanga kujenga, anapanga kununua shamba la kahawa la jirani. Usiku halali. Kesho yake anakuwa mnyonge, hataki kuongea na mtu, chakula hakimpiti kooni. Hiyo ndiyo mirungi niliyokuwa naijua mimi. Ilimla baba meno, ikamla usingizi, ikala na amani ya mama. Lakini sikuwahi kumwona baba akivunja mlango kwa sababu ukuta unamsema.

Kwa hiyo niliposikia neno mirungi, nililipokea kama mtu anayepokea jina la ndugu yake. Niliwaambia wamwingize chumba cha dharura. Sikuuliza zaidi, na kusema kweli nilikuwa nimechoka. Tangu asubuhi nilikuwa nimeona wagonjwa ishirini na kitu, na mwenzangu wa zamu alikuwa Chitete kwenye semina.

Wale madereva walimlaza kifudifudi kitandani, mmoja goti mgongoni, mwingine miguuni. Muuguzi wetu mkubwa, mama ambaye kila mtu hapa anamwita dada, alijaribu kumpima sukari kidoleni. Yule dereva akageuza kichwa akamng'ata kiganja. Dada hakupiga kelele. Aliuvuta mkono wake, akaenda kuuosha kwa sabuni na maji mengi, akarudi.

"Niandae ile ya wagonjwa wa akili?" aliniuliza. Alimaanisha klopromazini, sindano tuliyozoea kumpa mtu aliyerukwa na akili.

"Iandae," nilisema.

Alikuwa ameshaivuta kwenye bomba. Ninayakumbuka yale maji ndani ya sindano, na dada anagonga bomba kwa kucha kutoa hewa. Nikaweka mkono wangu kwenye mgongo wa yule mtu ili nitafute mahali pa kuchoma, na mkono ukashtuka wenyewe. Alikuwa anaungua. Sisemi homa ya malaria, ile unayoisikia ukimgusa mtoto paji la uso. Huu ulikuwa moto wa kitu kilichoachwa jikoni.

"Ngoja kwanza, dada. Nipe kipimajoto."

Nyuzi arobaini na nusu. Nilihesabu mapigo ya moyo nikapoteza hesabu, nikaanza tena: zaidi ya mia moja na sitini kwa dakika. Mboni za macho zimepanuka hadi rangi ya jicho karibu haionekani. Malaria tulipima, hakuna. Sukari tulifanikiwa kuipima mara ya tatu, ilikuwa sawa. Mkojo kidogo uliomtoka tuliuwekea kile kipimo cha dawa za kulevya tulichopewa kwa ajili ya madereva. Mistari yote ikasema hana kitu. Hana bangi, hana heroini, hana kokeini.

Mwenye kofia ya sufu alikuwa amesimama mlangoni. Aliposikia hivyo alishusha pumzi. "Si unaona? Hana kitu. Nilikwambia, mirungi tu."

Nilitoka nje nikampigia simu daktari mmoja wa hospitali kubwa ya Mbeya, kijana ambaye aliwahi kufanya mafunzo ya kazi hapa kwetu. Nilimweleza haraka haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu.

"Mama, ametafuna au amemeza?"

"Amekula mirungi."

"Sawa, ndiyo nauliza. Kuna majani yoyote mdomoni? Ulimi una rangi ya kijani? Maana mtu wa kutafuna siku nne shavu lingeonyesha."

Sikuwa nimeangalia. Nilirudi ndani, nikainama mbele ya uso wake uliobanwa kwenye shuka. Alikuwa anasaga meno, povu jeupe pembeni mwa midomo. Hakukuwa na jani hata moja. Ulimi mkavu, mwekundu, safi.

Nikamgeukia mwenye kofia. "Kaka, njoo hapa. Huyu hajatafuna kitu. Amekula nini?"

"Mirungi, dokta."

"Mirungi gani isiyo na majani?"

Akaangalia wenzake, wao wakaangalia sakafu. Mwisho akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, akatoa kipakiti kidogo kinachong'aa, kina picha ya maua ya zambarau. Kilikuwa kimechanwa pembeni. Ndani mlibaki vumbi jeupe lenye chembechembe, mfano wa chumvi iliyosagwa vibaya. Kwa nje kiliandikwa kwa Kiingereza kwamba ni chumvi ya kuogea, na chini yake, kwa herufi ndogo mno, kwamba si kwa matumizi ya binadamu.

"Kuna mtu anapita kwenye maegesho," alisema. "Anasema ni mirungi ya unga. Ni ile ile, ila huchoki kutafuna, na polisi wakikusachi hawaoni majani. Huyu alilamba jana asubuhi. Ilivyoanza kuisha akalamba tena. Halafu tena."

Nilikisoma kile kipakiti kwa simu, neno kwa neno. Daktari wa Mbeya hakunilaumu. Aliongea polepole, kama mtu anayejua kwamba anayemsikiliza ana mikono iliyojaa.

"Hiyo klopromazini iache. Inaweza kumzuia asitoe joto, na inaweza kumletea degedege. Mpe diazepamu kwenye mshipa, taratibu, rudia mpaka atulie, huku unaangalia pumzi. Mpoze kwa maji. Mtundikie dripu. Na tafadhali, mtoeni kifudifudi. Akipigana na kamba anazidi kupata joto na misuli inajipasua, na mkimkalia mgongo anaweza kuacha kupumua hapo hapo mkononi mwenu."

Nilipowaambia wamfungue, wale madereva walinitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Atatuua huyu," mmoja alisema. Tulikubaliana wamshike mikono na miguu bila kumkandamiza, wamlaze ubavu, na anayeongea awe mmoja tu. Nikachagua dada, kwa sababu sauti yake haipandi. Tukafunga mapazia, tukazima ile televisheni ya ukumbini, tukawatoa watu wote waliokuja kushangaa.

"Baba, uko hospitali," dada alimwambia, akiwa na bandeji kiganjani. "Hakuna redio hapa. Ninakuwekea maji ya baridi. Hili ni taulo. Sasa ninakuchoma kidogo."

Diazepamu ya kwanza haikufanya lolote. Ya pili ikapunguza kelele. Baada ya ya tatu vidole vyake viliachia shuka. Tulimfunika mashuka yaliyoloweshwa, feni tuliyoihifadhi stoo tangu kiangazi tukaileta ikampulizia, na sisi wenyewe tukawa tunatetemeka kwa baridi ndani ya masweta yetu. Kufika saa saba joto lilikuwa thelathini na nane na nusu. Nilikaa kwenye stuli, nikagundua kwamba miguu yangu inaniuma mpaka kwenye nyonga.

Halafu tukaona mkojo kwenye mfuko wa mpira tuliomwekea. Ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Misuli ilikuwa imevunjika kwa yale mapambano na lile joto, na uchafu wake ulikuwa unapita kwenye figo. Tukaongeza maji, tukaandika rufaa, gari la wagonjwa likaondoka naye kwenda Mbeya saa tisa. Kile kipakiti nilikifunga kwenye bahasha, nikampa askari aliyekuja kuchukua maelezo. Aliniuliza aandike ni dawa gani. Nilimwambia aandike unga usiojulikana, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Hata mwenye kuuza, nadhani, hajui.

Jioni ile, kabla ya kwenda nyumbani, mwenye kofia ya sufu aliniomba nipite kwenye foleni. Alisema wapo wengine wenye vipakiti vile. Sikuwa na nguvu za kwenda popote. Nilienda. Malori yalikuwa yamepangana kuanzia mpakani hadi huko nyuma, na madereva walikuwa kwa mama lishe mmoja, wamezunguka jiko lake la mkaa wakinywa chai na chapati. Walikuwa kumi hivi.

Niliwaambia yaliyompata mwenzao. Mmoja, kijana mwenye cheni shingoni, akacheka. "Huyo alikuwa mwoga tu, dokta. Mirungi ni mirungi. Jani na unga tofauti gani?"

Nilimwuliza kama amewahi kula muwa. Wakacheka wote. Nikamwambia, "Utakula muwa mwingi kiasi gani kwa saa moja? Taya zitachoka, tumbo litajaa. Mirungi ni hivyo. Kilevi chake ni kidogo ndani ya jani, kinatoka polepole kadiri unavyotafuna, na jani likinyauka nguvu inapungua, ndiyo maana mnaifunga kwenye mgomba mbichi. Mwili wenyewe unakuwekea breki."

"Na unga ndiyo sukari ya huo muwa," alisema yeye.

"Hapana. Hapo ndipo mnapodanganywa. Haujatoka kwenye mirungi kabisa. Ni kitu kimetengenezwa kiwandani, kikafananishwa na kile cha kwenye jani, kikabadilishwa kidogo ili sheria isikitambue kwa jina. Ndiyo maana wanaandika ni cha kuogea. Ndiyo maana kipimo changu leo kilisema mwenzenu hana kitu. Kipimo kinatafuta wale kinaowajua. Huyu ni mgeni."

Mzambia mmoja, mzee wa makamo, aliweka kikombe chini. "Mayo," aliniita, kwa heshima ya kwao, "kwa nini kinampandisha mtu hasira? Mirungi inamfanya mtu aongee tu."

Nilifikiri nitamjibuje. Siku kama ile, kichwa hakina maneno mazuri. Nilimwambia kwamba ubongo una kemikali zake za kumwamsha mtu na kumpa hamu. Zinatolewa kidogo, zinafanya kazi, kisha zinarudishwa ndani. Mirungi inasukuma nje kidogo zaidi ya kawaida, mtu anachangamka. Hizi za unga nyingine zinasukuma nje kwa wingi, nyingine zinaufunga ule mlango wa kurudia, kwa hiyo kila kinachotoka kinabaki nje na kinaendelea kupiga kelele. "Kemikali hizo hizo," nilisema, "ndizo zinazokuamsha ukisikia mwizi dirishani. Sasa fikiria hiyo hali ya mwizi dirishani imewashwa saa ishirini, haizimiki. Moyo unakimbia, mwili unachemka, na akili inatafuta mwizi ni nani. Isipomwona, inamtengeneza. Mkikimbia kumshika, nyie ndio mnakuwa wezi. Ongeza hapo siku nne bila usingizi."

Hakuna aliyecheka tena. Mama lishe alikuwa ameacha kukanda unga wake. Yule kijana wa cheni alisema, kwa sauti tofauti na ya mwanzo, "Kwa hiyo dokta, bora mirungi."

Nimeulizwa maswali mengi katika kazi hii, hili sikulipenda. Nilisema mirungi nayo hairuhusiwi nchini kwetu, na inaharibu moyo, na mimi mwenyewe niliona ilivyomfanya baba yangu. Lakini niliona machoni mwao kwamba neno walilobeba ni moja tu, lile bora. Vipakiti viwili vililetwa mbele yangu mezani, kimyakimya. Nikavichukua. Kama kulikuwa na vingine, vilibaki mifukoni.

Mke wa yule dereva alifika kituoni kesho yake mchana, kwa bodaboda kutoka Mkwajuni mpaka barabara ya lami, kisha basi. Alikuwa hajajua kwamba mume wake yuko Mbeya. Alikuwa na kapu la viazi vitamu vilivyochemshwa na mgongo umejaa vumbi jekundu.

"Shikamoo, dokta," alisema. "Nimeambiwa amerogwa na dereva mwenzake."

Nilimkalisha, nikampa maji. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye ule unga alianza kulia bila sauti.

"Mimi ndiye nilimruhusu," alisema. "Mirungi. Nilimwambia bora utafune urudi salama kuliko usinzie kwenye usukani. Nimemruhusu mwenyewe."

"Mama, hajala ulichomruhusu. Kaambiwa ni kile kile, kadanganywa."

"Lakini angekuwa hajazoea jani, angekubali unga?"

Nilimshika mkono tu. Tukapiga simu Mbeya, wakasema amezinduka, anajua jina lake, anauliza lori lake liko wapi, figo zinafanya kazi ila wanamwangalia. Mke wake alipanda basi la saa nane. Vile viazi aliniachia nusu, nikavila na dada tukiwa tumesimama.

Yule dereva alikaa wodini karibu wiki mbili. Hakuhitaji kusafishwa damu kwa mashine, maji yalitosha, kwa bahati. Mwezi uliofuata walikuja wote wawili kituoni kwangu na karatasi za Mbeya, nimpime presha na kuangalia mkojo. Sikumtambua. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye aibu, na alipomwona dada kwenye korido alivua kofia.

"Dada, mkono wako," alisema. "Nimeambiwa. Sikumbuki, lakini nimeambiwa. Naomba unisamehe."

Dada akamwonyesha kiganja. "Umepona huo. Wewe je?"

Alikaa kwenye kiti changu cha wagonjwa, akajibu swali la dada akiniangalia mimi. Alisema kazi imempotea, tajiri hataki kumwona. Kwa sasa anamsaidia mke wake shambani. Usingizi anaupata, ila mara nyingine akisikia injini ya lori inanguruma mbali anasimama na kusikiliza kama kuna watu wanaongea ndani yake. Anajua hawapo. Anasikiliza hata hivyo.

"Ule woga, dokta, sijawahi kuusikia maishani," alisema. "Watu wanasema nilikuwa na hasira. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa naogopa. Mlipokuwa mnanishika, nilijua mnanipeleka kuniua, na nilikuwa najitetea tu."

Hilo nililiandika kwenye daftari langu baada ya yeye kuondoka, neno kwa neno, kwa ajili ya wauguzi wapya. Presha yake ilikuwa imerudi sawa, mkojo ulikuwa msafi. Nilimwambia kwamba hizo sauti mara nyingi hupungua kadiri siku zinavyokwenda, na zikizidi arudi haraka, asisubiri. Mke wake alikuwa amekaa pembeni, ameshika zile karatasi kwa mikono miwili.

Alipokuwa anasimama, yule bwana alirudi akakaa.

"Nikuulize jambo, dokta. Usinikasirikie. Mirungi yenyewe, ile ya majani. Nikipata kazi ya gari tena, safari ndefu. Ile haina neno?"

Mke wake aligeuza uso dirishani.

Nilimweleza upya, kama nilivyoeleza kwenye foleni, kama nitakavyoeleza wiki ijayo na wiki ile nyingine. Kwamba jani halikumfikisha kwangu akiwa amefungwa kamba, ni kweli. Kwamba jani na unga si kitu kimoja, ni kweli. Na kwamba moyo wake na akili yake sasa vimeshaguswa, mlango ule umeshalegea, na kwa mtu kama yeye hata jani linaweza kuurudisha ule woga, na lori la tani thelathini si mahali pa kujaribia. Nilisema kulala ndiyo dawa ya usingizi, hakuna nyingine. Nilisema yote hayo taratibu, nikiwa na uchovu kiasi kwamba nilijisikia mwenyewe kama ninayesoma kwenye karatasi.

Alinisikiliza ametulia, mikono magotini.

"Nimekuelewa, dokta," alisema, akavaa kofia yake.

Neno hilo nimelisikia kwa watu wengi. Katika mambo yale yote niliyomwambia, sikujua ni lipi aliloondoka nalo.